Filamu nyingi siku moja: ubebe nyingi, ufuate unazozipenda, au upige hesabu? Ulinganisho wa njia 3 za kupanga ratiba ya tamasha

Ratiba ya tamasha ikitoka watu wengi hufanya kitu kimoja, wanafungua programu wanapiga tiki kwenye kila filamu inayowavutia, halafu wanakuta tiki 9 siku moja na zinagongana. Hapo ndipo shida inaanza, manake hakuna njia ya kuona zote, kwa hiyo swali ni ipi uiache, na jibu linategemea sana unapanga kwa njia gani. Mimi nimeona watu wakipanga kwa njia 3 hivi, na nataka tuziweke kwenye siku moja ile ile tuone kila moja inakupeleka wapi.

Chukua siku hii ya mfano. Tamasha lina majengo mawili: jengo kubwa lenye kumbi mbili, na jengo dogo lenye ukumbi mmoja, na kutoka moja kwenda lingine ni mwendo wa dakika 25 kwa mguu. Umepiga tiki hizi:

- Dokyumentari ya wavuvi, 4:00 hadi 5:30 asubuhi, jengo kubwa ukumbi 1
- Ile ndefu ya vita, 4:30 asubuhi hadi 7:15 mchana, jengo dogo
- Ya familia, 6:00 hadi 7:40 mchana, jengo kubwa ukumbi 1
- Ya zamani iliyosafishwa upya, 7:45 hadi 9:50 mchana, jengo dogo
- Mkusanyiko wa filamu fupi, 8:00 hadi 9:20 mchana, jengo kubwa ukumbi 2
- Ya upelelezi, 9:45 hadi 11:25 jioni, jengo kubwa ukumbi 1
- Ya dairekta mpya, 10:30 hadi 12:10 jioni, na maswali na dairekta mpaka 12:35, jengo dogo
- Ya mastaa, 12:15 jioni hadi 2:25 usiku, jengo kubwa ukumbi 2
- Ya kutisha, 1:30 hadi 3:00 usiku, jengo dogo

Kabla ya chochote weka muda wa kuhama, na usiweke muda wa kutembea peke yake. Ndani ya jengo moja mimi naweka dakika 20, yaani kutoka ukumbini na umati wote ule, choo, na kupanga foleni upya. Kati ya majengo naweka 45, yaani zile 25 za mguu na 20 za foleni. Filamu mbili zenye nafasi ya dakika 30 katikati kwenye karatasi lakini ziko majengo tofauti, hesabu kwamba zimegongana.

Njia ya kwanza: kubeba nyingi iwezekanavyo

Kama lengo lako ni idadi, kuna kanuni rahisi sana na mara nyingi inafanya kazi: angalia filamu inayoISHA mapema kuliko zote, ichukue, halafu katika zilizobaki ambazo unaweza kuzifikia kwa wakati chukua tena inayoisha mapema, endelea hivyo mpaka usiku. Sio inayoanza mapema na sio iliyo fupi, ni inayoisha mapema, kwa sababu ndiyo inayokuachia siku kubwa zaidi mbele yako. Kama muda wa kuhama ni ule ule kati ya filamu zote, hakuna mpangilio mwingine utakaokupa filamu nyingi kuliko huo, hili limethibitishwa kihesabu, unaweza kufikia idadi ile ile kwa njia nyingine ila huwezi kuipita; ukiwa na majengo tofauti, mara nyingine inaweza kupitwa.

Kwenye siku yetu inatoka hivi: wavuvi (inaisha 5:30), familia (7:40), fupi (9:20), upelelezi (11:25), mastaa (2:25 usiku). Filamu 5, zote jengo kubwa, hutembei nje hata hatua moja. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini angalia nafasi za katikati: dakika 30, kisha 20, kisha 25, kisha 50. Chakula cha maana ni kwenye zile 50 za jioni tu, na kabla ya hapo umeshakaa gizani tangu asubuhi. Filamu ya tano inakukuta umechoka, na ile ya mastaa ni dakika 130.

Tatizo kubwa zaidi la njia hii ni kwamba haijui unachokipenda. Ya dairekta mpya imeachwa nje kwa sababu tu upelelezi inaisha mapema kuliko yenyewe, hakuna sababu nyingine.

Njia ya pili: anza na unazozitaka sana

Hii ndiyo watu wengi hufanya bila kuipa jina. Unatoa alama 1 mpaka 5 kwa kila filamu, unaweka kwanza zenye 5, halafu zenye 4 zinazoingia, halafu 3. Tuseme alama zako ni hizi: vita 5, dairekta mpya 5, familia 4, ya zamani 4, mastaa 4, na zilizobaki zote yaani wavuvi, fupi, upelelezi na kutisha ni 3.

Unaweka vita na dairekta mpya. Familia inagongana na vita, inatoka. Ya zamani inaingia vizuri, dakika 30 baada ya vita na jengo ni lile lile. Mastaa haiwezekani, maana dairekta mpya inaisha 12:10 na mastaa inaanza 12:15 jengo la pili (na hii inamaanisha kubaki kwa maswali mpaka 12:35 hakukugharimu chochote, kwa hiyo baki). Mwisho unaongeza kutisha. Jumla filamu 4, alama 17.

Sasa rudi ujumlishe ratiba ya njia ya kwanza kwa alama hizo hizo: 3, 4, 3, 3 na 4, ni 17 pia! Yaani umeacha filamu moja nzima ili ufuate unachokipenda na jumla haikusogea. Mkosaji ni ile ya vita. Ina 5 kweli lakini inakula dakika 165 na inafunga asubuhi nzima, wakati mahali pake zingekaa wavuvi na familia ambazo pamoja zina 7. Huu ndio udhaifu wa njia ya pili, inashindwa kila panapokuwa na filamu moja ndefu yenye alama kubwa iliyolala juu ya mbili za wastani, na kwenye matamasha hiyo hutokea sana kwa sababu filamu zenye sifa mara nyingi ndizo ndefu.

Ila ina faida ambayo siioni ikitajwa na mimi naiheshimu sana. Ratiba hii yote iko ukumbi mmoja. Ukumbi ukichelewa dakika 20, filamu inayofuata humo humo nayo inachelewa, kwa hiyo huwezi kuikosa. Ukiwa unahama kumbi, kuchelewa kwa ukumbi wa kwanza ni hasara yako peke yako, ukumbi wa pili haukusubiri. Kwa mtu mwenye mguu unaouma, au aliyekuja na mtoto, au ambaye tu hataki siku ya kukimbia kimbia, kukaa jengo dogo siku nzima na kuona hizi 4 ni chaguo zuri kabisa, na nafasi zake ni dakika 30, 40 na 55, mtu anakula na kupumua.

Njia ya tatu: kupiga hesabu ya filamu zote

Hii inaonekana ngumu lakini kwa siku moja inachukua robo saa na kalamu. Panga filamu kwa mpangilio wa kuisha. Kwa kila filamu jiulize: nikiiona hii, jumla kubwa kabisa niliyoweza kuwa nayo kabla yake ni ngapi, kwa kuangalia zile tu ambazo nikitoka kwao nawahi kuifikia? Ongeza alama yake juu ya hiyo jumla, andika pembeni, nenda inayofuata. Mwisho wa siku tafuta namba kubwa kuliko zote halafu rudi nyuma uone imepitia filamu zipi.

Kwa alama zetu: wavuvi ni 3. Vita ni 5 peke yake. Familia ukitokea wavuvi ni 7. Fupi ukitokea familia ni 10. Ya zamani ukitokea vita ni 9. Upelelezi ukitokea fupi ni 13. Dairekta mpya unaweza kufika ukitokea fupi au ya zamani, na fupi ina 10 wakati ya zamani ina 9, kwa hiyo ni 15. Mastaa ukitokea upelelezi ni 17. Kutisha ukitokea dairekta mpya ni 18. Basi ratiba bora ni wavuvi, familia, fupi, dairekta mpya, kutisha. Filamu 5 kama njia ya kwanza, dairekta mpya yumo kama njia ya pili, na unahama jengo mara moja tu, mchana, ukiwa na dakika 70 ambazo ndani yake unatembea na unakula.

18 dhidi ya 17 na 17. Mtu atasema robo saa yote hiyo kwa ajili ya alama moja? Na mimi nakubali kabisa, tofauti ni ndogo. Ni ndogo kwa sababu alama zenyewe zimetolewa vibaya.

Kabla ya kuchagua njia, rekebisha alama

Hapa ndipo nataka mtu akae kidogo. Alama za watu wengi zinapima *naitaka kiasi gani*. Kinachotakiwa kupimwa ni *nitapoteza nini nisipoiona leo hapa*. Hivyo ni vitu viwili tofauti, na kwenye tamasha vinapishana vibaya sana, kwa sababu filamu unayoitaka zaidi ni ile uliyoisikia zaidi, na uliyoisikia zaidi ni ile yenye kampuni nyuma yake ya kuitangaza, na yenye kampuni nyuma yake itakuja sinema au kwenye striming baada ya miezi kadhaa.

Mimi hufanya hivi. Nabaki na alama ya kwanza halafu nauliza maswali matatu. Inarudiwa siku nyingine ambayo nipo kweli na niko huru? Kama ndiyo natoa 3. Ina msambazaji na tarehe ya kutoka imeshatangazwa? Natoa 3, na kama msambazaji yupo ila tarehe bado natoa 1. Kuna kitu ambacho kiko hapa tu, au inaonekana kabisa haitapatikana tena? Naongeza 1, ila sivuki 5.

Tupitie. Vita inarudiwa siku mbili mbele asubuhi na hiyo asubuhi huna kitu, kutoka 5 inakuwa 2. Mastaa inatoka sinema mwezi ujao na bango limeshaandikwa tarehe, kutoka 4 inakuwa 1. Upelelezi ina msambazaji bila tarehe, inakuwa 2. Ya zamani imesafishwa upya na nakala kama hizi huwa zinazunguka matamasha mengine, naitoa 1, inabaki 3. Wavuvi haina msambazaji na inaonyeshwa mara moja, inapanda 4. Fupi nazo zinapanda 4, kwa sababu hata kama moja moja zitapatikana mtandaoni siku moja, huo mkusanyiko kwa mpangilio huo hautarudi. Familia inarudiwa lakini siku ambayo wewe umeshaondoka, kwa hiyo marudio hayo si yako, inabaki 4. Dairekta mpya 5, kutisha 3.

Sasa pima ratiba tatu tulizozipata mwanzo kwa alama hizi mpya:

| | Kubeba nyingi | Unazozitaka kwanza | Hesabu |
|---|---|---|---|
| Filamu | 5 | 4 | 5 |
| Alama za mwanzo | 17 | 17 | 18 |
| Alama mpya | 15 | 13 | 20 |
| Kuhama jengo | hakuna | hakuna | mara 1 |
| Nafasi finyu kuliko zote | dakika 20 | dakika 30 | dakika 20 |

Pengo limefunguka. Na kitu cha kufurahisha ni kwamba ukirudia njia ya pili kuanzia mwanzo kwa alama mpya, unaweka dairekta mpya, halafu wavuvi, familia na fupi, halafu kutisha, unafika kwenye ratiba ile ile ya hesabu bila kupiga hesabu. Ndiyo maana mtu akiniuliza njia ipi namwambia rekebisha alama kwanza halafu tumia ya pili, inatosha kwa siku nyingi. Hesabu kamili iweke kwa siku ambayo bado imebaki na filamu ndefu ya alama 5 iliyolala juu ya nyingine mbili tatu, siku kama Jumamosi ya katikati ya tamasha. Ya kwanza namwachia mtu mwenye pasi ya kuingia popote ambaye kweli anataka idadi, kwa mfano anayechagulia filamu klabu yake au tamasha lingine dogo, yeye kuona nyingi ndiyo kazi yenyewe.

Tahadhari moja kwenye swali la marudio. Kusema "inarudiwa" kirahisi hivi kunadanganya. Fungua siku ya marudio uangalie inagongana na nini huko, kwa sababu unaweza kuwa umehamisha ugomvi tu kutoka Ijumaa kwenda Jumapili. Na marudio mara nyingi dairekta ameshaondoka, kwa hiyo kama ulichokuwa unakitaka ni yale maswali, marudio hayakusaidii. Matamasha nayo hayafanani. Berlin filamu za shindano kuu huwa zinaonyeshwa tena siku zinazofuata, kwa hiyo kukosa onyesho la kwanza si msiba, lakini tamasha dogo la siku tatu kila filamu inaweza kuwa na nafasi moja tu na hapo swali hilo halina kazi, unabaki na mawili.

Kiungo dhaifu

Ratiba yoyote utakayochagua, kabla hujalipa tafuta ile nafasi finyu kuliko zote. Kwetu ni kutoka familia (7:40) kwenda fupi (8:00). Muda ulioandikwa kwenye programu mara nyingi ni urefu wa filamu yenyewe, haujajumlisha hotuba ya mwanzo, na dairekta akiwepo mtu atampandisha jukwaani hata kwa dakika 5 au 10 kabla taa hazijazimwa. Dalili unaziona mapema: programu imeandika kwamba wageni watahudhuria, au ni onyesho la kwanza kabisa la hiyo filamu, au ukumbi huo tangu asubuhi unachelewa na foleni ya saa 6 bado iko nje saa 6:05. Ukiona hivyo jua zile dakika 20 zimeshaliwa.

Basi amua kabla ya kuingia. Familia na fupi zote ni 4, ukipoteza moja ratiba inashuka kutoka 20 hadi 16 vyovyote vile, kwa hiyo hapa hakuna jibu la hesabu. Mimi ningeingia familia, nikae kiti cha pembeni karibu na mlango, nitoke majina yanapoanza kupanda. Filamu fupi zina nafuu yake, ukichelewa kidogo unakosa ile ya kwanza tu kama wa mlangoni wanaruhusu watu kuingia katikati, ila uliza asubuhi maana kuna kumbi wakishafunga wamefunga. Usijaribu kuokoa mchana kwa kukimbilia upelelezi ya 9:45, hiyo inaisha 11:25 na itakuwa imeshakula dairekta mpya.

Tiketi zinunuliwe kwa mpangilio gani

Watu hununua kwa mpangilio wa saa, ya asubuhi kwanza. Nunua kwa mpangilio wa ipi itajaa kwanza miongoni mwa zile ambazo ratiba inazitegemea. Dairekta mpya kwanza, jengo dogo viti vichache na ndiye 5 yako. Halafu kutisha, za usiku ukumbi huo huo huwa zinajaa. Wavuvi ya saa 4 asubuhi inaweza kusubiri. Angalia pia tiketi zinafunguliwa lini, Berlin kwa mfano miaka ya karibuni tiketi nyingi hufunguliwa siku 3 kabla ya onyesho, kwa hiyo hununui tamasha zima kwa mkupuo, kila asubuhi una mauzo yako na ni lazima ujue tayari unatafuta ipi na mbadala wake ni upi.

Ikiwa dairekta mpya imeisha tiketi, kuna foleni ya dakika za mwisho, Toronto wanayo na matamasha mengi yana kitu cha namna hiyo, wanajaza viti ambavyo wenye tiketi hawakutokea. Lakini foleni hiyo nayo ni muda, hesabu kama sehemu ya filamu. Ukiamua kufika saa moja kabla, dairekta mpya haianzi tena 10:30, inaanza 9:30. Ukitokea fupi (9:20) huwezi kufika jengo dogo kabla ya 9:45, kwa hiyo ama unakubali kukaa nyuma kwenye foleni, ama unaacha fupi na kula mapema baada ya familia halafu unapanga foleni mapema. Fupi ni 4 za uhakika, dairekta mpya ni 5 za kubahatisha, na kutisha unaipata vyovyote vile. Mimi ningeona fupi, niende, na nikikosa kiti ningekula taratibu mpaka saa 1:30.